Kimo cha Pini Juu ya Bamba

Kifuniko cha pampu ya gia hukazwa na boliti, lakini boliti hazikiambii kikae wapi. Kazi hiyo ni ya pini mbili za chuma kigumu zilizoshindiliwa kwenye bamba la mwili wa pampu, zikasimama wima na kusubiri matundu ya kifuniko yashuke juu yake. Pini zikisimama sawasawa, kifuniko huteremka kwa mkono. Zikiwa zimeinama kidogo tu, kila moja upande wake, kifuniko hukwama kwenye ncha zake, na hapo ndipo nyundo huanza kutafutwa. Sura hii inahusu tarakimu moja ndogo ambayo mchoraji huandika ili nyundo isihitajike: kimo cha eneo la ruhusa linalotokeza nje ya bamba.

Ruhusa ninayoizungumzia ni kiasi cha kosa ambacho mchoro unakubali. Hakuna tundu linalotobolewa mahali pake hasa, kwa hiyo mchoraji huchora silinda ya kuwazika kuzunguka mahali palipokusudiwa na kusema: mhimili wa tundu ukipita popote ndani ya silinda hii, kazi imekubaliwa. Wazo la kutumia duara badala ya mraba katika jambo hili huhusishwa na Stanley Parker, mhandisi wa kiwanda cha serikali cha torpido kule Alexandria, Uskoti, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 aliona kwamba vipuri vilivyokataliwa na wakaguzi vilikuwa vikifanya kazi bila tatizo. Leo kanuni zake zimo katika vitabu viwili ambavyo wachoraji wengi hufuata, ASME Y14.5 ya Marekani na ISO 1101 ya kimataifa.

Kwa kawaida silinda hiyo hukaa ndani ya unene wa bamba lenyewe, na kwa tundu la kawaida inatosha. Ila pini haifanyi kazi ndani ya bamba. Ndani imeshikwa tu. Kazi yake yote iko nje, kwenye sehemu inayosimama juu ya uso wa bamba, mahali ambapo silinda ya ruhusa haijafika. Kama mlingoti wa jahazi, mwinamo mdogo kwenye tako huwa umbali mkubwa kwenye ncha.

Tuchukue bamba letu na tulihesabu. Lina unene wa milimita 16. Pini ina kipenyo cha kawaida cha milimita 8, na kwa daraja la m6 kipenyo chake halisi ni kati ya 8.006 na 8.015. Tundu limesafishwa kwa rima hadi daraja la N7, yaani kati ya 7.981 na 7.996. Pini ni kubwa kuliko tundu kwa vyovyote vile, kwa mikroni 10 hadi 34, kwa hiyo itaingia kwa presi na haitacheza. Pini inatakiwa kusimama milimita 20 juu ya uso wa bamba, na mchoro unakubali ipungue au izidi kwa 0.3. Ruhusa ya mahali pa tundu ni silinda yenye kipenyo cha 0.05.

Sasa tuseme mchoraji ameiacha silinda hiyo ndani ya bamba. Kosa kubwa kabisa linalokubalika ni mhimili unaoanza ukingo mmoja wa silinda chini ya bamba na kutokea ukingo wa pili juu yake. Umehama 0.05 katika safari ya milimita 16. Kwenye uso wa bamba mhimili uko nje ya mahali pake kwa 0.025, na hapo hakuna wa kulalamika. Lakini pini inaendelea kupanda kwa mwinamo uleule, milimita 20.3 zaidi. Katika safari hiyo inahama tena 0.063. Ncha yake, basi, iko 0.088 mbali na mahali palipokusudiwa, na kwa kuwa inaweza kuinama upande wowote, eneo ambalo ncha inaweza kuwamo lina kipenyo cha 0.177. Mchoraji ameandika 0.05 na kupata zaidi ya mara tatu yake, bila mtu yeyote kufanya kosa.

Hesabu hiyo ina kanuni yake fupi. Ikiwa T2 ni ruhusa ya tundu linaloshika pini, D ni unene wa bamba usiopungua na P ni kimo cha pini kisichozidi, basi ncha inahitaji eneo lenye kipenyo hiki:

```
T2 × (1 + 2P/D)
0.05 × (1 + 2 × 20.3/16) = 0.177
```

Ndani ya kanuni hiyo kuna jambo linalofaa kukaliwa kidogo. Hatari haitokani na kimo cha pini peke yake, bali na kimo kikilinganishwa na unene unaoishika. Pini fupi kwenye bamba nene haina shida kubwa. Pini ndefu kwenye bamba jembamba ni balaa: ikisimama milimita 40 juu ya bamba la milimita 8, ncha inapewa eneo mara kumi na moja ya lile lililoandikwa.

Dawa ni kulihamisha eneo la ruhusa kutoka ndani ya bamba hadi mahali pini inapofanyia kazi. Kwenye mchoro hili hufanywa kwa herufi P iliyo ndani ya duara, ikifuatwa na kimo. Silinda ya 0.05 inaanza kwenye uso wa bamba pale pini inapochomoza, kisha inapanda hadi kimo hicho. Mhimili wa tundu unarefushwa kimawazo kutoka ndani ya bamba, na urefu huo wa kuwazika ndio unaotakiwa kubaki ndani ya silinda. Mwinamo mkubwa sasa si 0.05 kwa milimita 16 bali 0.05 kwa kimo kilichoandikwa, na ncha haiwezi kutoka nje. Linalobaki ni kuamua kimo chenyewe, na hapo ndipo wengi huteleza.

Sababu ya kuteleza ni kwamba wengi hujifunza jambo hili kupitia boliti. Boliti inapoingia kwenye tundu lenye nyuzi, kichwa chake hukaa juu ya kifuniko. Kinachohusika ni ile sehemu ya boliti iliyo ndani ya kifuniko tu, kwa hiyo kimo cha eneo la ruhusa ni unene wa kifuniko usiozidi, pamoja na gasketi kama ipo katikati. Aliyejifunza hivyo hukaa mbele ya mchoro wa pini, akaona kifuniko kina unene wa milimita 12 na kinaweza kuzidi kwa 0.2, akaandika 12.2. Inaonekana ni sawa kabisa, na kwa boliti ingekuwa sawa.

Pini haiko hivyo, kwa sababu ya mpangilio wa kazi. Boliti huingizwa baada ya kifuniko kukaa. Pini hutangulia. Ikishashindiliwa, kifuniko lazima kiteremke juu yake kuanzia nchani hadi kifike chini, na kila sehemu ya pini, hata ile itakayobaki ikichungulia juu ya kifuniko baadaye, lazima ipite ndani ya tundu la kifuniko njiani. Ndiyo maana ASME Y14.5 inaelekeza kwamba kwa pini ya kushindilia, na pia kwa studi, kimo kiwe kile cha juu kabisa ambacho pini inaruhusiwa kusimama baada ya kuingizwa, si unene wa kinachokaa juu yake.

Tuone tofauti hiyo inagharimu nini. Mchoraji ameandika 12.2. Mhimili unaruhusiwa kuhama 0.05 katika milimita 12.2, na juu ya hapo hakuna anayeusimamia. Kutoka 12.2 hadi ncha ya pini kwenye 20.3 kuna milimita 8.1 zaidi, na humo pini inahama 0.033 nyingine. Ncha iko 0.058 mbali na mahali pake, na eneo lake lina kipenyo cha 0.116.

Matundu ya kifuniko yametengenezwa yakiamini kwamba eneo ni 0.05. Kanuni ya kupata tundu dogo kabisa la kifuniko linaloweza kupokea pini ni kujumlisha kipenyo kikubwa cha pini, ruhusa ya mahali pa tundu la kifuniko, na ruhusa ya tundu la bamba:

```
H = F + T1 + T2
H = 8.015 + 0.05 + 0.05 = 8.115
```

Kwa ncha iliyopotoka hivyo, tundu lingehitaji kuwa 8.181. Linapungua kwa 0.066. Pini mbili zikiinamiana au zikiachana, na matundu ya kifuniko yakiwa yamepotoka kinyume chake, kifuniko hakitaingia hata kwenye ncha. Na jambo linalouma ni kwamba karatasi zote ni safi. Bamba limepimwa hadi milimita 12.2 na kukubaliwa, kifuniko kimepimwa na kukubaliwa, na laiti kingeweza kufika chini kingekaa vizuri kabisa. Kila idara itaapa kwamba kosa si lake, na itakuwa inasema kweli.

Dalili ya kosa hili hujionyesha kwenye pini zenyewe. Kifuniko kikilazimishwa, mikwaruzo hutokea karibu na ncha, upande mmoja tu wa kila pini, huku sehemu ya chini iking'aa kama ilivyotoka kiwandani. Kama ruhusa ya mahali ingekuwa ndiyo tatizo, mikwaruzo ingeshuka hadi kwenye uso wa bamba.

Kwa hiyo kimo ni kile cha pini. Lakini pini ina vimo vingi, na tunachotaka ni kile cha juu kabisa kinachoruhusiwa, ambacho hutegemea jinsi inavyosimamishwa pale presi inapoacha kusukuma. Kwenye mfano wetu presi ina kikombe cha kuzuia: kikombe kinagusa uso wa bamba na pini haiwezi kwenda zaidi. Kimo ni 20 kwa kuzidi au kupungua 0.3, kwa hiyo tarakimu ni 20.3 na hesabu imekwisha.

Mambo hubadilika pale mchoro hautaji kimo bali unasema tu kwamba mwisho wa chini wa pini ulingane na uso wa chini wa bamba. Hapo kimo hakijaandikwa popote, nacho ni matokeo ya vipimo vingine. Tuseme pini ina urefu wa milimita 36 ikiwa na ruhusa ya 0.5 kila upande, na bamba la 16 lina ruhusa ya 0.2. Pini ndefu kabisa katika bamba jembamba kabisa hutoa 36.5 kutoa 15.8, yaani 20.7. Kama mchoro pia unakubali mwisho wa chini ubaki ndani ya tundu hadi nusu milimita bila kufika usoni, nusu hiyo huongezeka juu, na kimo kinakuwa 21.2. Hakuna kati ya vipimo hivi kinachoonekana kikubwa, lakini vyote vinaelekea juu. Katika tundu lisilotoboka upande wa pili, urefu mkubwa wa pini hutolewa kina kidogo kabisa cha tundu, na hapo mtu akumbuke pia vumbi la chuma lililobaki chini na hewa iliyonaswa, ambavyo huisimamisha pini kabla haijafika mwisho. Mimi hupendelea kikombe cha kuzuia, kwa sababu kinafanya kimo kiwe kipimo kimoja ambacho mtu anaweza kukisimamia, badala ya mabaki ya vipimo vitatu.

Huulizwa kama ncha iliyochongwa ya pini, ile pembe iliyonyolewa ili iingie kwa urahisi, inaweza kutolewa kwenye kimo. Kwa hoja ya hesabu inaweza, kwa kuwa ncha ni nyembamba na haijazi tundu. Ushauri wangu ni kuiacha. Ncha hiyo imewekwa kumsaidia mtu anayeteremsha kifuniko kizito kwa mikono miwili, na ukiitumia kulegeza mchoro umemnyang'anya msaada huo.

Kuna kishawishi cha upande wa pili pia, cha kuandika kimo kikubwa kuliko kinachohitajika kwa kudhani kwamba ni usalama. Ukiandika 30 badala ya 20.3, mwinamo unaoruhusiwa unashuka kutoka takriban mikroni 2.5 kwa kila milimita hadi 1.7. Fundi wa mashine ataulipia mwinamo huo kwa muda na kwa vipuri vinavyotupwa, na kifuniko hakitafaidika na chochote.

Mchoro uliokamilika wa tundu letu, basi, una kisanduku hiki cha maagizo:

```
⌖ | ⌀0.05 Ⓟ 20.3 | A | B | C
```

A ni uso wa bamba ambao kifuniko kinakalia, na ndipo silinda inapoanzia kupanda. B na C ni kingo au matundu yanayosema mahali. Msomaji aliyezoea michoro ataona hakuna M ndani ya duara, ile inayoongeza ruhusa kadiri tundu linavyopanuka. Kwa tundu la nafasi M ina maana, kwa sababu tundu kubwa huipa boliti mahali pa kusogea. Pini ya kushindilia haisogei. Iwe tundu ni 7.981 au 7.996, pini hufuata mhimili wake vilevile, kwa hiyo hakuna ruhusa ya ziada iliyopatikana na haifai kuitoa.

Kama bamba linahitaji pini isimame wima zaidi ya vile 0.05 inavyoilazimisha, mstari wa pili unaweza kuongezwa kwa ajili ya wima peke yake, tuseme 0.02, nao pia ukiwa na P na kimo kilekile. Bila P, ruhusa ya wima ingerudi kusimamia ndani ya bamba na mzunguko wote uanze upya.

Kupima jambo hili kuna mtego wake. Mashine ya kupimia yenye ncha inayogusa huingia kwenye tundu, ikapata kitovu karibu na uso, ikapata kingine karibu na chini, kisha programu ikachora mstari kupitia vitovu hivyo na kuurefusha hadi 20.3 juu. Tuseme vitovu vimechukuliwa kwenye kina cha milimita 2 na milimita 14, na kila kimoja kina shaka ya mikroni 2. Vimeachana kwa milimita 12 tu, lakini mstari unarefushwa milimita 22.3 kupita kitovu cha juu. Shaka zikielekea pande zinazopingana, ncha ya mstari inaweza kukosea kwa mikroni 9. Kwa kipenyo ni 0.019, zaidi ya theluthi ya ruhusa yote ya 0.05. Mashine itaonyesha tarakimu nne baada ya nukta na mkaguzi ataziamini.

Njia iliyo bora kwa tundu la namna hii ni kuingiza pini ya kupimia. Pini ya m6 yenyewe haiwezi kutumika kwa kuwa ikiingia haitoki bila kuharibu tundu, kwa hiyo huchukuliwa pini kutoka kwenye seti ya pini zinazopishana kwa mikroni chache, ile inayoingia kwa kubana bila kushindiliwa. Sehemu yake inayosimama nje hupimwa moja kwa moja, karibu na uso na kwenye kimo cha 20.3. Ikiwa imebaki nafasi ya mikroni 3, pini hiyo inaweza kuyumba mikroni 5 au 6 kwenye ncha, nayo huonekana kwa mkono na kwa geji ya mshale, tofauti na shaka iliyofichwa ndani ya programu. Ukiiyumbisha pande zote na kuchukua katikati, kosa linalobaki ni dogo.

Tahadhari moja haifai kuachwa. Yote haya yanasimamia tundu, si pini. Mhimili unaopimwa ni wa tundu uliorefushwa hewani, kwa dhana kwamba pini itaufuata. Pini ikianza kuingia ikiwa imeinama na kung'oa chuma upande mmoja wa mdomo wa tundu, au rima ikiwa imeacha mdomo huo umepanuka, pini iliyoshindiliwa inaweza kuwa nje ya silinda ilhali tundu lilipimwa likiwa zuri. Pale ambapo presi haina kitu cha kuiongoza pini, ni bora ruhusa iandikwe kwenye mchoro wa kuunganisha, ambapo bamba na pini tayari ni kitu kimoja. Huko P haihitajiki tena wala kimo hakitafutwi: ruhusa inaishika pini yenyewe, kwa sehemu yote inayosimama juu ya uso, na mkaguzi anapima chuma badala ya mstari wa kuwazika. Gharama yake ni kwamba bamba lililokosewa hugunduliwa likiwa tayari na pini mbili ngumu ndani yake.